Mifuko 240 ya Yurea, Fuso Moja: Wiki Kwa Wiki, Oda ya Kiasi Kimoja au Kusawazisha?

Wanachuo wenzangu wa ununuzi na ugavi, na wale wa biashara mnaokutana na kozi ya operesheni mwaka wa pili, mnaijua ile mada ya ukubwa wa oda. Darasani tunapewa kiwanda cha kufikirika chenye mahitaji ya kufikirika, tunakokotoa, tunapata alama, tunasahau. Mimi nimeifanyia kazi mada hii kwenye duka la pembejeo la mama mdogo wangu, njia ya kwenda Peramiho, kilomita 20 na kitu kutoka Songea mjini. Pale hesabu ikikosewa anayelipa si mwanafunzi. Analipa mtu aliyekopa.

Kwa wasioujua mkoa wetu: Ruvuma tunalima kwa msimu mmoja. Mvua zinaanza mwishoni mwa Novemba au Desemba, mahindi yanapandwa, na baada ya wiki chache kila mtu anataka mbolea ya kukuzia kwa wakati mmoja. Yurea haiuzwi sawasawa kila wiki kama sukari. Kuna wiki inauzwa mifuko 8, kuna wiki inauzwa 70. Hapo ndipo kanuni nyingi tulizokariri zinapoanza kuyumba.

Haya hapa mahitaji ya wiki nane, kuanzia katikati ya Desemba. Namba nimezizungusha ili zisomeke, ila umbo lake ni lile lile la daftari la mauzo la msimu uliopita, likilinganishwa na ekari ambazo wateja wake wamesema watalima. Wengi wao wanahesabu mfuko mmoja wa kilo 50 kwa ekari, kwa hiyo makadirio si ya kuota.

| Wiki | 1 | 2 | 3 | 4 | 5 | 6 | 7 | 8 |
|---|---|---|---|---|---|---|---|---|
| Mifuko | 10 | 18 | 45 | 70 | 55 | 22 | 8 | 12 |

Jumla ni mifuko 240, wastani wa 30 kwa wiki. Ushike huo wastani, maana utatuletea matata mbele.

Gharama mbili tu, lakini zihesabiwe vizuri

Mzigo unatoka kwenye ghala la jumla Songea mjini. Kila safari, mama mdogo anakodi Fuso kwa shilingi 45,000, anamlipa mtu wa kusimamia upakiaji na kuhesabu mifuko, na kuna simu, nauli na makato ya kutuma hela. Kwa jumla ni shilingi 60,000 kwa safari, iwe gari limebeba mifuko 10 au 200. Hiyo ndiyo gharama ya oda.

Wengi wanateleza hapa kwa kuingiza malipo ya wapakiaji. Wale wanalipwa kwa mfuko. Mifuko 240 italipiwa upakiaji wa mifuko 240 hata uilete kwa safari moja au nane, kwa hiyo malipo hayo hayabadilishi uamuzi wowote. Gharama ya oda ni ile inayozaliwa na safari yenyewe, si inayozaliwa na mfuko.

Gharama ya pili ni ya kuuweka mfuko dukani. Bei ya mfuko nimeishika kwenye shilingi 70,000. Mtaji wake ni wa mkopo wa kikundi, asilimia 2 kwa mwezi, yaani 24 kwa mwaka. Asilimia 24 ya 70,000 ni 16,800, ukigawa kwa wiki 52 unapata kama shilingi 323. Ongeza pango la stoo, mifuko inayochanika, na yurea inayoganda kwa sababu inavuta unyevu hewani. Tumeweka shilingi 77 kwa hayo. Jumla shilingi 400 kwa kila mfuko unaolala dukani wiki moja.

Makubaliano ya kuhesabu: gari linafika Jumatatu asubuhi, na tunahesabu mifuko iliyobaki Jumamosi jioni. Mfuko ulioingia na kuuzwa wiki ile ile haulipiwi kulala. Uliobaki Jumamosi unalipiwa 400.

Wiki kwa wiki

Njia ya kwanza vitabu vinaiita loti kwa loti: kila wiki unaleta kile tu kitakachouzwa wiki hiyo. Wiki ya kwanza mifuko 10, ya pili 18, ya tatu 45, hivyo hivyo mpaka mwisho. Jumamosi stoo ni tupu, gharama ya kuweka ni sifuri. Safari ni nane, mara 60,000, jumla shilingi 480,000.

Hivi ndivyo maduka mengi madogo yanavyoendeshwa, na sababu yake naielewa. Mtu asiye na mtaji mkubwa ananunua alicho na hela yake, kama sisi tunavyonunua mchele kilo moja moja tukingoja bumu. Lakini angalia wiki ya saba. Fuso limekodiwa kwa 60,000 kubeba mifuko 8, yaani kila mfuko umebeba shilingi 7,500 ya safari. Faida ya mfuko haifiki huko. Njia hii inafaa pale ambapo kuagiza ni bure au karibu na bure, kwa mfano duka lililo mlango wa pili na ghala, au ambapo bidhaa ni ghali sana kulaza. Kwa Fuso la Peramiho haifai.

Oda ya kiasi kimoja

Njia ya pili ni ile ya kanuni ya kipeuo cha pili, inayohusishwa na Ford Harris tangu 1913. Unachukua wastani wa mahitaji, gharama ya oda na gharama ya kuweka, unapata kiasi kimoja cha kuagiza kila unapoishiwa. Kwenye Ekseli ni mstari mmoja:

```
=SQRT(2*30*60000/400)
```

Jibu ni 94.87, tuseme mifuko 95. Sasa twende nayo dukani.

Wiki ya 1 zinakuja 95, zinauzwa 10, zinabaki 85. Wiki ya 2 zinabaki 67. Wiki ya 3 zinabaki 22. Wiki ya 4 zinatakiwa 70 na zipo 22, kwa hiyo gari linaleta 95 nyingine, zinabaki 47. Wiki ya 5 zinatakiwa 55. Dukani zipo 47. Zimepungua 8 tu! Lakini sheria ni 95, basi zinaletwa 95, na zinabaki 87. Kisha mahitaji yanakauka: wiki ya 6 zinabaki 65, ya 7 zinabaki 57, ya 8 zinabaki 45.

Safari ni tatu, shilingi 180,000. Ukijumlisha mabaki ya kila Jumamosi, yaani 85, 67, 22, 47, 87, 65, 57 na 45, unapata 475. Mara 400 ni shilingi 190,000. Jumla 370,000.

Ni nafuu kuliko wiki kwa wiki kwa shilingi 110,000, na ukiishia kwenye jumla utasema kanuni imefanya kazi yake. Mimi nawaomba mtazame mambo mawili ndani ya hiyo jumla.

La kwanza ni mabaki yasiyosaidia kitu. Ile mifuko 47 iliyobaki wiki ya 4 ililala mpaka wiki ya 5, tukailipia shilingi 18,800, na bado haikuzuia gari kukodiwa. Ile 22 ya mwanzo ni mbaya zaidi, ililala wiki tatu, 22 mara 3 mara 400, yaani shilingi 26,400, na wiki ya nne gari likaja vile vile. Kama gari lazima lije wiki hiyo, kila mfuko uliolazwa kuisubiri ungeweza kuja na gari hilo hilo bila kulipiwa usingizi. Wagner na Whitin walilithibitisha jambo hili mwaka 1958: kwa gharama za namna hii, mpango bora upo ambao oda inaingia tu stoo ikiwa tupu. Oda ya kiasi kimoja haijui hivyo. Inajua 95.

La pili ni ile mifuko 45 ya mwisho. Kwa 70,000 kila mmoja, ni shilingi 3,150,000 zimekaa stoo wakati mahindi yameshapita hatua ya kukuziwa. Jedwali letu linaishia wiki ya 8, lakini riba ya kikundi haiishii hapo. Kwa mama mdogo hiyo ni ada ya shule ya watoto, ndiyo iliyomfanya anipigie simu mwanzoni. "Mwanangu, mnasoma nini huko chuoni kama hela zangu zinageuka mbolea kila mwaka?" Swali la haki kabisa.

Kuna mtu atasema, basi badilisha kiasi. Nilijaribu 80. Fanya mwenyewe utaona: mabaki ni 70, 52, 7, 17, 42, 20, 12 na 0, jumla 220, shilingi 88,000, na safari tatu 180,000. Jumla 268,000, na stoo tupu mwishoni. Mbona nzuri? Ni kwa sababu 240 ukigawa kwa 3 unapata 80, na vilele vya mauzo vikaangukia mahali pazuri. Jaribu 100 na jumla inaruka mpaka 364,000 na mifuko 60 inabaki. Kati ya 80 na 100 gharama inapanda karibu shilingi laki moja, na kanuni haikuambii lolote kuhusu hilo, maana yenyewe inaamini kila wiki inauzwa 30. Hakuna hata wiki moja kwenye jedwali letu iliyouza 30.

Kusawazisha kwa mfuko-wiki

Njia ya tatu inahesabu kwa kipimo ambacho ningependa kukiita mfuko-wiki: mfuko mmoja uliolala wiki moja. Mifuko 5 iliyolala wiki 3 ni mfuko-wiki 15. Mbinu yenyewe DeMatteis aliichapisha mwaka 1968 kwenye jarida la kampuni ya IBM, na wazo lake ni jepesi: safari moja inagharimu sawa na mfuko-wiki ngapi? Gawa 60,000 kwa 400, unapata 150. Kwa hiyo safari moja ina thamani ya mfuko-wiki 150. Endelea kujaza gari kwa mahitaji ya wiki zijazo mpaka usingizi wa mifuko ukaribie 150. Ukishakaribia hapo, gharama ya kulaza imelingana na gharama ya safari.

Tunaanza wiki ya 1. Mifuko 10 ya wiki hiyo hailali, sifuri. Ya wiki ya 2, mifuko 18, italala wiki moja: 18. Ya wiki ya 3, mifuko 45, italala wiki mbili: 90, jumla 108. Ya wiki ya 4, mifuko 70, italala wiki tatu: 210, jumla inaruka hadi 318. Ipi iko karibu na 150? Ile 108 imepungua 42, ile 318 imezidi 168. Tunasimama wiki ya 3. Gari la kwanza linabeba 10 na 18 na 45, yaani mifuko 73.

Tunaanza upya wiki ya 4. Mifuko 70 hailali. Wiki ya 5, mifuko 55 kwa wiki moja: 55. Wiki ya 6, 22 kwa wiki mbili ni 44, jumla 99. Wiki ya 7, 8 kwa wiki tatu ni 24, jumla 123. Wiki ya 8, 12 kwa wiki nne ni 48, jumla 171. Sasa 123 imepungua 27, 171 imezidi 21. Iliyo karibu zaidi ni 171, kwa hiyo tunaichukua wiki ya 8 pia. Gari la pili linabeba mifuko 167.

Safari mbili, 120,000. Mfuko-wiki 108 na 171 ni 279, mara 400 ni 111,600. Jumla shilingi 231,600, na Jumamosi ya mwisho stoo haina kitu.

Weka pamoja: wiki kwa wiki 480,000, oda ya 95 ni 370,000, kusawazisha 231,600. Niliikagua hii ya mwisho kwa kujaribu mipango mingine ya safari mbili na tatu, na sikupata iliyo chini yake. Safari nne peke yake ni 240,000 kabla hujalaza mfuko hata mmoja, kwa hiyo kuanzia hapo hakuna haja ya kutafuta.

Angalia pia mwanya ulivyokaa. Gari la kwanza lilibeba usingizi wa shilingi 43,200 dhidi ya safari ya 60,000. La pili 68,400 dhidi ya 60,000. Hazilingani kabisa kwa sababu mahitaji huja kwa wiki nzima nzima, huwezi kuchukua robo ya wiki. Ukikuta kwenye kazi yako usingizi ni mara tatu ya gharama ya oda, rudi nyuma, kuna wiki umeibeba ambayo ilistahili gari lake.

Inapokosea

Sasa msije mkaiabudu. Kosa lake linatokea kwa kuwa inatazama mbele kidogo kidogo na haigeuki nyuma. Tuseme wiki ya 8 zinatakiwa mifuko 25 badala ya 12. Wiki ya 4 tunafika 123 kama kawaida, kisha 25 mara 4 ni 100, jumla 223. Sasa 123 iko karibu zaidi na 150. Sheria inasema simama wiki ya 7, na wiki ya 8 kodi gari jipya kwa mifuko 25.

Lakini piga hesabu ya ile mifuko 25 peke yake. Kuilaza wiki nne ni 25 mara 4 mara 400, shilingi 40,000. Gari jipya ni 60,000. Sheria imetupoteza shilingi 20,000: jumla inakuwa 272,400 wakati ilipaswa kuwa 252,400. Dawa yake ni kwamba ukimaliza kupanga, shika kila oda ndogo, hasa ya mwisho, uulize: kuiingiza kwenye gari lililotangulia ni ghali kuliko gari lenyewe? Ni swali la dakika moja na linashika makosa mengi.

Tatizo la pili ni makadirio. Uamuzi wa gari la kwanza ulitegemea namba za wiki ya 1 mpaka ya 4 tu. Wiki ya 5 na kuendelea hazikugusa chochote. Kwa hiyo kinachokufunga ni gari la kwanza, la pili ni rasimu mpaka Jumatatu ya wiki ya 4. Mvua zikichelewa na ukaona mapema kwamba wiki ya 4 watakuja watu wa mifuko 20 badala ya 70, basi 20 mara 3 ni 60, jumla 168, na hiyo iko karibu na 150 kuliko 108. Gari la kwanza linabeba 93. Mama mdogo sasa kila Jumapili jioni anapitia orodha ya wateja na kurekebisha namba za wiki zijazo kabla ya kupiga simu ghalani.

Na stoo tupu Jumamosi inatisha, nakubali. Mkulima akikosa yurea leo ataenda duka la jirani na huenda asirudi. Tumeweka akiba ya tahadhari ya mifuko 10 isiyoguswa kwenye mpango. Kwa wiki nane inagharimu 10 mara 8 mara 400, shilingi 32,000, na ukiiweka kwenye njia zote tatu inaongezeka sawa kote, hivyo mpangilio wa nani nafuu haubadiliki.

Mpaka mwingine ni gari lenyewe. Fuso la tani 10 linabeba mifuko 200. Gari letu la pili, 167, limeingia, na hata ukiongeza akiba limeingia. Lakini msimu ukikua na sheria ikakuambia leta 230, shilingi 60,000 haitoshi tena, maana mifuko 30 ya juu inadai gari la pili. Hapo jaza 200 zinazoanza kuuzwa mapema, na zile 30 ziache zije na safari yao wiki zitakapohitajika, ukianza kuhesabu mfuko-wiki upya kutoka hapo.